Shira inaporudi kuwa sukari na inapochacha: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kuimwaga

Mwezi wa Julai, nyumbani kwangu Sakina, Arusha, niliinua chupa ya shira ya tangawizi iliyokaa kabatini siku tisa, nikakuta chini yake pameota mawe ya sukari yenye ncha, yameshika kioo kiasi kwamba kijiko kirefu hakikuweza kuyang'oa. Januari ya mwaka huohuo mdogo wangu anayeishi Moshi alikuwa amenipigia simu akiwa na shida iliyo kinyume kabisa na hiyo. "Dada, nimefungua ile shira ya pasheni, chupa imelia kama soda na ndani kunanuka mbege."

Ilinichukua muda kukubali kwamba matatizo haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kiasi cha maji kilichobaki ndani ya shira baada ya kuipika. Maji yakipungua mno, sukari hukosa mahali pa kukaa nayo hujirudia kuwa punje. Maji yakizidi, hamira za asili zilizomo hewani na kwenye maganda ya matunda hupata nafasi ya kufanya kazi. Dalili nyingi nitakazozieleza hapa zinarudi kwenye jambo hilo, na ndiyo maana kabla ya kutazama dalili yoyote ninaanza na namna ya kujua shira yako ina sukari kiasi gani.

Kwanza, pima ulichonacho

Shira nyepesi, ile ya kuchanganyia sharubati, chai ya baridi na vinywaji vya ndimu, ni sehemu moja ya sukari kwa sehemu moja ya maji kwa uzito, kwa hiyo sukari ni asilimia 50. Shira nzito ni sehemu mbili za sukari kwa moja ya maji, yaani karibu asilimia 67. Neno la kushika hapo ni uzito. Kikombe cha mililita 250 hubeba takriban gramu 210 tu za sukari, wakati maji hukijaza kwa gramu 250, na kwa sababu hiyo anayepima vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji hupata shira ya asilimia 63 hivi, si 67. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini jirani anayepima kwa kikombe shira yake nzito haigandi, na wewe uliyenunua mizani na kufuata maelekezo kwa uaminifu yako inaganda.

Kama shira imeshapikwa na hukumbuki vipimo, bado unaweza kuijua. Chukua chupa tupu, iweke kwenye mizani ya jikoni, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha mimina maji safi hadi yafike gramu 500 na uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika pale maji yalipoishia. Mwaga maji, kausha chupa vizuri, jaza shira iliyopoa hadi kwenye alama ileile na upime tena. Shira ya asilimia 50 itakuwa na uzito wa gramu 615 hivi, ya asilimia 64 itafika karibu 655, na ya asilimia 67 itakuwa 663 au zaidi kidogo. Ukipata 680, tayari umepita kiwango ambacho sukari inaweza kubaki imeyeyuka. Ukipata chini ya 600, uliyonayo ni sharubati tamu sana, na utunzaji wake ni wa sharubati. Kipimo hiki ni sahihi kwa shira tupu au iliyochujwa vizuri. Yenye nyama ya tunda hudanganya kidogo.

Dalili: punje au mawe ya sukari chini ya chupa, au ukoko shingoni

Hakikisha kwanza kwamba ni sukari. Toa kidogo, sugua kati ya vidole, kisha tia katika maji ya moto. Sukari hukwaruza vidole na kupotea ndani ya maji. Kama ni laini kama unga na maji yanabaki meupe, hiyo si sukari, na maelezo yake yako mbele.

Chanzo cha kawaida ni kupika sufuria ikiwa wazi. Nilipoirudia ile shira yangu ya Julai hatua kwa hatua, nilipima kila kitu. Sufuria tupu ilikuwa gramu 820. Nilitia kilo moja ya sukari na gramu 500 za maji ya tangawizi yaliyochujwa, jumla ikawa gramu 2,320. Nikaiacha ichemke bila kifuniko kwa dakika 15, kama nilivyozoea, nikiamini kwamba kuchemsha sana ndiko kunakoifanya ikomae. Nilipoirudisha kwenye mizani ilisoma 2,200. Gramu 120 za maji zilikuwa zimeondoka na mvuke, na sukari haikuwa imepungua hata chembe. Kilichobaki kilikuwa gramu 1,380 zenye kilo ileile ya sukari ndani yake, sawa na asilimia 72. Nilikuwa nimepika kitu kizito kuliko nilichokusudia, bila kujua.

Kwenye nyuzi 20 za selsiasi gramu 100 za maji zinabeba takriban gramu 200 za sukari, kwa hiyo shira ya mbili kwa moja iko ukingoni kabisa hata pale ilipopikwa bila kupoteza tone. Usiku wa Juni na Julai Arusha hushuka hadi karibu nyuzi 12, na nyumba zetu hazina joto la kuongeza. Ndani ya jokofu, penye nyuzi 4, gramu 100 za maji hubeba kama gramu 180 tu. Ziada yote hutafuta mahali pa kutua, na hupenda kutua penye punje nyingine, iwe ni ile iliyoruka ukingoni mwa sufuria wakati wa kukoroga au ile iliyokauka shingoni mwa chupa ulipomimina jana.

Kuiokoa ni rahisi kama una subira. Zamisha chupa, ikiwa imefunguliwa, katika sufuria ya maji ya uvuguvugu na upashe moto taratibu, maana kioo cha baridi kikiingia kwenye maji yanayochemka hupasuka. Punje zikianza kulegea, mimina yote kwenye sufuria, ongeza maji, funika, na uache hadi usione chembe hata moja ukiinua mwiko mbele ya mwanga. Kwa ile yangu niliongeza gramu 180 za maji: 120 zilizopotea na 60 za kuiteremsha hadi asilimia 64. Ukibakiza punje moja ndani, baada ya wiki utakuwa umerudi ulipoanzia.

Siku hizi, kwa shira nzito itakayokaa katika jokofu au kabatini wakati wa baridi, ninatumia gramu 560 za maji kwa kilo ya sukari. Ninapasha moto hadi sukari yote iyeyuke, nafunika kwa dakika tatu ili mvuke uoshe kingo za sufuria, nazima. Utamu wake kwenye glasi hautofautiani na ule wa mbili kwa moja kwa namna ambayo mnywaji angeitambua, na haijanigandia tena.

Kuna njia nyingine wanayoijua vizuri wapika kaimati na visheti, nayo ni ndimu. Vijiko viwili vidogo vya maji ya ndimu kwa kilo ya sukari, vikichemka polepole chini ya kifuniko kwa dakika 10, huivunja sehemu ya sukari ya miwa kuwa glukosi na fruktosi, na sukari hizo tatu zikiwa pamoja huzuiana kujipanga kuwa punje. Ninaipendelea kwa shira ya tangawizi na ya mchaichai. Siitumii kwa shira ya iliki au mdalasini inayokwenda kwenye chai ya maziwa.

Neno moja kwa wanaotumia kipimajoto. Maelekezo yanayosema uipike shira hadi nyuzi fulani huwa yameandikwa kwa watu walio pwani, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Arusha mjini tuko takriban mita 1,400 juu ya bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Shira ya mbili kwa moja huchemka nyuzi nne hivi juu ya maji, kwa hiyo kwetu huchemka kwenye 99, na anayesubiri ifike 104 kama kitabu kilivyosema atakuwa ameshafukuza maji mengi mno. Hapo amini mizani, si kipimajoto.

Dalili: mapovu, kifuniko kutuna, harufu ya pombe, au duara la ukungu juu

Shira ya mdogo wangu ilikuwa ya pasheni, iliyotengenezwa kwa ajili ya ubarikio wa mwanawe, na iliyobaki akaiacha juu ya meza ya jikoni katika joto la Januari la Moshi. Nilimwomba anitajie vipimo. Alikuwa amepika kilo ya sukari kwa lita ya maji, akaipoza, akachanganya gramu 600 za maji ya pasheni. "Lakini sukari nilitia kilo nzima," alisema, na alikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba kilo hiyo ilikuwa imetawanyika ndani ya gramu 2,600, na hata ukihesabu sukari kidogo ya tunda lenyewe haifiki asilimia 45. Alidhani ana shira, kumbe alikuwa na sharubati nzuri sana ya pasheni yenye chakula kingi cha hamira, ikiwa imeachwa mahali pa joto.

Kanuni niliyompa ni hii: maji ya tunda ni maji. Yahesabu upande wa maji, usiyaongeze juu ya shira iliyokamilika. Kwa gramu 600 za maji ya pasheni tia gramu 600 za sukari, bila kuongeza maji mengine, pasha moto hadi sukari iyeyuke na mvuke uanze kuonekana kingoni, kisha ondoa motoni. Pasheni ikichemka sana hupoteza ile harufu inayotangulia glasi. Shira hiyo ni ya jokofu, na inywewe ndani ya wiki mbili. Kinachobaki kigandishe kwenye vibati vya barafu.

Kwa ujumla shira nyepesi tupu hukaa katika jokofu kwa wiki tatu hadi nne. Shira nzito tupu, iliyopikwa na kufungwa vizuri, hukaa miezi kadhaa. Yenye tunda, majani au viungo vibichi ipe wiki mbili hata kama ni nzito, kwa sababu vipande vinavyobaki ndani huleta maji na vijidudu vyake. Sukari ya asilimia 50 haitoshi kuhifadhi kitu peke yake.

Kwa wale wanaopata ukungu katika shira nzito, ambayo ilipaswa kuwa salama, tazama chini ya kifuniko. Shira ikitiwa chupani ikiwa ya moto na kufungwa papo hapo, mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, na matone hayo hudondoka juu ya shira na kukaa hapo kama utando mwembamba wa maji yenye sukari kidogo. Chini ni asilimia 64, juu kabisa huenda isifike 30. Ukungu huota kwenye utando huo, ukianza kama doa jeupe lenye ukubwa wa punje ya mchele, kisha duara. Tiba yake ni kuipindua chupa mara mbili tatu inapopoa, na tena asubuhi yake, ili matone yachanganyike na kilichobaki.

Chupa nazo zina sehemu yao. Maelekezo ya kawaida husema zichemshwe dakika 10. Kwa kuwa maji yetu huchemka kwa joto la chini zaidi, Arusha zichemshe dakika 15, na Moshi, iliyo kwenye mita 800 hadi 900, dakika 13. Zikaushe zikiwa zimeinamishwa juu ya kitambaa safi. Maji yanayobaki ndani ya chupa iliyosuuzwa haraka ni chanzo kimojawapo cha kuchacha ambacho watu wengi hawakishuku.

Shira iliyochacha usiichemshe tena kwa matumaini, na iliyoota ukungu usikwangue juu ukanywa ya chini. Mwaga. Na kama kifuniko kimetuna, funika chupa kwa taulo nene na uifungue polepole juu ya sinki, kwa kuwa gesi iliyojikusanya inaweza kupasua kioo.

Dalili: shira kuwa na ukungu wa maziwa, au tope jeupe chini

Kama kilichotuama ni laini na hakiyeyuki katika maji ya moto, na shira ni ya tangawizi, hiyo ni wanga ya tangawizi yenyewe. Haina madhara, ila huharibu mwonekano na huipa shira uzito wa uongo. Chanzo ni kukamua tangawizi iliyosagwa moja kwa moja ndani ya shira. Badala yake, paruza gramu 200 za tangawizi, chemsha na lita moja ya maji kwa dakika 20 sufuria ikiwa imefunikwa, chuja kwa kitambaa cha pamba bila kukamua kwa nguvu, acha yatulie kwa saa moja, kisha mimina maji ya juu taratibu na uache tope chini. Pima uzito wa maji uliyopata, na hapo ndipo unapotia sukari kulingana na shira unayotaka.

Mpangilio huo, kiungo na maji kwanza, sukari baadaye, unatibu pia lile lalamiko la shira isiyo na ladha licha ya viungo vingi. Maji yaliyokwisha kushiba sukari hayana nafasi ya kuvuta ukali wa tangawizi wala harufu ya mchaichai. Mtu huongeza kiungo zaidi na zaidi, anapata shira ya bei kubwa iliyo dhaifu.

Kama shira ni tupu, bila kiungo, na bado haiangazi, tazama rangi ya sukari. Sukari nyingi tunayonunua madukani ni ya kahawia hafifu, na shira yake itakuwa na rangi ya chai nyepesi. Hiyo ni hali yake, si kosa. Ikianza kuchemka itatoa povu la kijivu. Liondoe kwa kijiko kipana badala ya kulikorogea ndani, na shira itang'aa. Kuhusu maji, maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana maji yenye floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi, bali huikusanya kadiri mvuke unavyotoka. Kwa shira ya watoto hasa, tumia maji yaliyokwisha kuondolewa floridi.

Dalili: uchungu, au rangi na harufu ya majani makavu

Uchungu wa shira ya limau, ndimu au chungwa hutoka kwenye nyama nyeupe iliyo chini ya ganda. Menya kwa kisu kikali ile ngozi ya rangi tu, iwe nyembamba kiasi kwamba unaweza kuona kivuli cha kidole chako upande wa pili, na uiloweke katika shira moto iliyokwisha kuzimwa kwa nusu saa badala ya kuichemsha. Uchungu ukishaingia hautoki. Utapungua tu ukiichanganya na shira nyingine tupu.

Mnanaa hugeuka kahawia na kunuka kama nyasi za kulishia ng'ombe ukipikwa. Uutumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 15, uhamishie kwenye maji ya baridi sana, ukamue, kisha uusage ndani ya shira nyepesi iliyopoa na uichuje. Rangi itakaa siku nne au tano, na baada ya hapo itafifia hata ufanye nini.

Dalili: maziwa kukatika

Shira ya tangawizi iliyotengenezwa kwa kukamua tangawizi mbichi hukata maziwa hata kama haina ndimu, kwa kuwa tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Moto hukiua. Ile njia ya kuchemsha dakika 20 inatosha, na ukiwa na shira mbichi tayari, ichemshe dakika tano chini ya kifuniko, ipoze, kisha ijaribu kwanza katika robo kikombe cha maziwa ya uvuguvugu. Kama maziwa yanakatika baada ya hapo, chanzo ni ndimu uliyotia, na shira hiyo ihamishie kwenye maji ya barafu au soda.